Fungu la primu: kila franga ifike kwa mwenyewe

(Maneno ya mazungumzo ambayo timu yetu ya uwanja ilitoa mbele ya wanachama, watunza hazina wa vikundi na wageni wafadhili)

Komite ilituomba tuseme juu ya jambo moja tu: kikundi kikiwa na makuta ya primu ya kugawia wafanyakazi wake, kila mutu kwa pointi zake ao kwa mshahara wake, tunajuaje kama hesabu imekamilika? Yaani tukijumlisha sehemu za wote, tunapata kweli fungu lote, bila franga kuzidi na bila franga kubaki?

Mtaona jambo hili kuwa dogo. Lakini sisi tunaotembea kikundi kwa kikundi tunajua matata yake. Franga elfu tisa zikibaki ndani ya kesi kisha malipo, na hakuna aliyeandika zimetoka wapi, mnajua maneno yatakayosemwa kisimani. Watasema mtunza hazina amekula. Pengine hajakula hata kidogo, ni hesabu njo ilimwachia. Na franga zikikosa, mutu wa mwisho kwenye lisiti njo anaumia. Mara nyingi mutu huyo ni mlinzi, mwenye sehemu ndogo kuliko wote.

Kugawa kwa pointi si kitu kipya hapa kwetu. Vituo vya afya vinavyofadhiliwa kwa matokeo ya kazi vinagawa primu namna hiyo, na Kivu Kusini ni moja ya fasi ambako njia hiyo ilijaribiwa mapema katika nchi yetu, miaka ya 2000. Kituo kinahesabu mapato, kinatoa matumizi, na kile kinachotengwa kwa wafanyakazi kinakuwa fungu la primu. Kila mfanyakazi ana pointi kufuatana na masomo yake na daraka lake, kisha pointi zile zinapimwa na namna alivyofanya kazi mwezi ule. Hesabu yenyewe inaweza kutumika kwa mashini ya kusaga, kwa shamba la muungano, kwa duka la kikundi.

Tuchukue mfano. Tumeutunga sisi wenyewe kusudi asionekane mutu. Kikundi kina mashini ya kusaga unga, na wafanyakazi ni sita. Baraza kuu limekubali fungu la primu la franga 1,000,000. Pointi ni hizi:

Mkuu wa mashini: 30
Fundi: 25
Karani: 22
Msagaji wa kwanza: 18
Msagaji wa pili: 18
Mlinzi: 14

Jumla ni pointi 127. Hesabu ya kwanza kuangalia ni hii jumla. Mutu mmoja ajumlishe kutoka juu kwenda chini, mwingine kutoka chini kwenda juu, bila kuonyeshana kwanza. Sababu namba hii itagawa kila kitu. Ikikosewa, sehemu zote sita zitakosewa pamoja.

Sasa watu wengi wanafanya hivi: wanagawa 1,000,000 kwa 127 kusudi wajue bei ya pointi moja. Telefone inaonyesha 7,874 na vipande vidogo nyuma yake. Hapo mutu anasema, "Tuweke 7,900, hesabu iwe nyepesi." Anazidisha kwa pointi za kila mmoja, anaandika, anafurahi. Tujumlishe basi: 7,900 mara 127 ni 1,003,300. Kesi ina milioni moja tu. Zile 3,300 zitatoka wapi? Mwingine anaogopa kuzidisha, anasema tuweke 7,800. Jumla inakuwa 990,600, na 9,400 zinabaki mezani bila mwenyewe.

Angalieni vizuri sababu yake. Yule wa kwanza aliongeza franga 26 tu juu ya pointi moja, na nani atagombana juu ya franga 26? Lakini zile 26 zinarudiliwa mara 127. Pointi zikiwa nyingi zaidi, kosa linakuwa kubwa zaidi. Kwa hiyo tunawaomba mshike neno moja: zidisheni kwanza, gaweni kisha, na kukata vipande kuwe mwisho kabisa. Kwa msagaji mwenye pointi 18, andikeni ndani ya telefone 1,000,000 mara 18, halafu gaweni kwa 127. Inatoka 141,732. Msipitie kwa bei ya pointi iliyokatwa.

Tukifanya hivyo kwa wote sita, tunapata: mkuu 236,220, fundi 196,850, karani 173,228, kila msagaji 141,732, mlinzi 110,236. Jumla ni 999,998. Zile franga mbili zilizokosa ni vipande tulivyoacha nyuma ya kila namba. Hiyo si hofu. Watu wakiwa sita, na tukiacha vipande vilivyo chini ya franga moja kwa kila mmoja, jumla haiwezi kupungua kwa franga sita. Ikipungua kwa zaidi ya hapo, kuna kosa la kweli, na mnapashwa kulitafuta mbele ya kulipa.

Lakini tuko na shida ingine. Nani atamlipa mutu franga 141,732? Kikundi chetu cha mfano kimeamua kulipa kwa noti, na noti ndogo kinayotumia ni ya 500. Kwa hiyo kila sehemu inapashwa kuishia kwa 000 ao kwa 500. Hapa njo fasi ya pili ambako makuta yanapotea.

Mtunza hazina akisogeza kila sehemu kwenye noti iliyo karibu, atapata 236,000, 197,000, 173,000, 141,500 mara mbili, na 110,000. Ni haki, inaonekana. Jumlisheni: 999,000. Franga 1,000 zimebaki. Siku ingine, na pointi zingine, namna ileile itawapa franga nyingi kuliko fungu. Kusogeza kila mutu peke yake hakuangalii jumla, kwa hiyo jumla inaenda inakotaka yenyewe.

Njia inayofunga hesabu ni hii. Kwanza mteremshe kila mutu kwenye noti ya chini yake, hata kama ile ya juu iko karibu zaidi. Mkuu 236,000, fundi 196,500, karani 173,000, wasagaji 141,500 kila mmoja, mlinzi 110,000. Jumla ni 998,500. Zimebaki 1,500, yaani noti tatu za 500. Kwa kuwa tumeteremsha wote, haiwezekani kuwa tumezidisha, na noti zinazobaki sikuzote ni chache kuliko watu.

Kisha muangalie kila mutu amepoteza ngapi wakati wa kuteremshwa. Fundi amepoteza 350. Mlinzi 236. Kila msagaji 232. Karani 228. Mkuu 220. Noti ya kwanza inaenda kwa aliyepoteza nyingi kuliko wote, ni fundi. Ya pili kwa mlinzi. Ya tatu kwa msagaji. Noti zimeisha, na fungu limeisha.

Njia hii si uvumbuzi wetu. Sheria ya uchaguzi ya 2006 ya nchi yetu iliweka kanuni ya baki kubwa zaidi kwa kugawa viti vya wabunge pale ambapo eneo moja la uchaguzi lina viti vingi. Kiti hakikatwi vipande, sawa na vile noti ya 500 haikatwi. Kila lisiti inapata kwanza viti vyake vizima, halafu viti vinavyobaki vinaenda kwa wenye baki kubwa. Kwa hiyo mutu akiuliza, "Mmeitoa wapi hesabu hii?", mnaweza kumjibu.

Mmeona bila shaka kwamba noti ya tatu ina wenyewe wawili. Wasagaji wako na pointi sawa, na baki yao ni sawa, lakini noti ni moja. Hapa hesabu haiwezi kuamua. Ni baraza linalopashwa kuamua, na liamue mbele ya kujua majina. Vikundi vingine vinaweka kwamba anayepata ni yule aliyefika kazini siku nyingi zaidi. Vingine vinapiga kura mbele ya wote, na mugawo unaofuata mwenzake anatangulia. Njia yoyote ni nzuri kama imeandikwa kwenye kaye ya mikutano mbele ya siku ya malipo. Ikiamuliwa siku ileile mezani, hata kama ni kwa moyo safi, itaonekana upendeleo.

Tuseme msagaji wa kwanza njo amepata. Lisiti ya mwisho ni hii:

Mkuu wa mashini: 236,000
Fundi: 197,000
Karani: 173,000
Msagaji wa kwanza: 142,000
Msagaji wa pili: 141,500
Mlinzi: 110,500

Jumla: 1,000,000. Na hakuna mutu anayepishana na haki yake kamili kwa noti nzima ya 500.

Sasa tunafika kwa neno ambalo wafadhili wetu wanapenda kuuliza. Jumla ikiwa sawasawa na fungu, tumemaliza? Bado. Jumla inaweza kuwa sawa na ndani yake kuna makosa mawili yanayofichana. Tuseme karani ameandikiwa 183,000 na fundi 187,000. Jumla haigeuki hata kidogo, ni milioni moja palepale. Lakini mutu mmoja amechukua 10,000 za mwenzake.

Kwa kuona kosa kama hilo, mugeuze hesabu. Gaweni kila sehemu kwa pointi za mwenyewe. Kwenye lisiti yetu ya haki, mkuu anatoa 7,867, fundi 7,880, karani 7,864, mlinzi 7,893. Wote wanazunguka karibu na 7,874, na tofauti ndogo inatoka kwa noti tulizosogeza. Kwenye lisiti ya makosa, karani anatoa 8,318 na fundi 7,480. Mmoja yuko juu sana, mwingine chini sana. Hata mwanachama asiyependa hesabu ataona majina mawili yaliyotoka ndani ya safu. Kazi hiyo inachukua dakika tano na telefone ya vibonyezo.

Tuseme pia juu ya mambo mawili yanayovunja hesabu kutoka nje, maana lisiti ya watu haikai sikuzote vilevile.

La kwanza ni mutu anayetoka ao anayeingia. Msagaji wa pili akiacha kazi, na baraza likasema hatapata primu, jina lake linafutwa. Lakini mara nyingi pointi zake 18 zinasahauliwa ndani ya ile 127. Watu watano wanalipwa kwa kugawa na 127, na karibu franga 141,700 zinabaki bila mutu kuelewa sababu. Mkiamua sehemu yake irudie wenzake, jumla mpya ni 109, na kila kitu kinahesabiwa upya kutoka mwanzo. Mkiamua irudi ndani ya kesi ya muungano, ni vizuri pia, lakini iandikwe kwenye lisiti kwa mstari wake, na fasi ya sahihi. Kinyume chake ni kibaya zaidi. Mutu wa saba akiongezwa mwishoni na pointi 10, naye akapewa kwa bei ya zamani ya 7,874, mnahitaji franga 78,740 ambazo haziko. Fungu halikui juu ya kuongeza jina. Kila jina likiongezwa ao kufutwa, lisiti ya zamani imekufa.

La pili ni avansi. Mlinzi alikuwa na mtoto mgonjwa, akapewa 40,000 mbele. Siku ya malipo, kesi ina 960,000. Mtunza hazina akigawa 960,000 kwa wote, na mlinzi akachukua sehemu yake nzima, atapata karibu 105,800 juu ya zile 40,000. Haki yake ilikuwa 110,500. Wenzake watano njo wamelipa sehemu kubwa ya avansi yake, na hawajui. Na mtunza hazina akigawa 960,000, halafu akamtolea mlinzi 40,000 tena, avansi imekatwa mara mbili, na 40,000 zitabaki ndani ya kesi.

Fungu la kugawa ni lile ambalo baraza lilikubali, 1,000,000, si yale makuta yaliyoko ndani ya kesi asubuhi ile. Mlinzi anabaki na sehemu ya 110,500. Ndani yake mnaandika: alikwisha kupokea 40,000, leo anapokea 70,500. Leo wote pamoja wanapokea 960,000, na pamoja na avansi ni 1,000,000. Hesabu imefunga pande zote mbili, kwa kesi na kwa fungu. Lisiti iwe na nguzo tatu: sehemu, avansi, anachopokea leo. Mutu atie sahihi mbele ya nguzo ya tatu, akiwa ameona mbili za kwanza.

Tumesema mingi juu ya pointi. Kwa mshahara hesabu haibadiliki. Fasi ya pointi mnaweka mshahara, na fasi ya 127 mnaweka jumla ya mishahara yote. Tuseme mkuu analipwa 400,000, fundi 300,000, karani 250,000, kila msagaji 150,000, mlinzi 120,000. Jumla ni 1,370,000. Sehemu ya mlinzi ni 1,000,000 mara 120,000, kisha gaweni kwa 1,370,000. Telefone ndogo ikikataa namba ndefu, toeni sufuri tatu kwa mishahara yote, muandike 120 na 1,370, jibu ni lile lile. Kuangalia kwenu ni kulekule: kila mutu anapata karibu franga 73 kwa kila franga 100 za mshahara wake. Anayepata 80 ao 65, muulize. Lakini mshahara wa wote uwe wa namna moja na wa miezi ileile. Mkichukua kwa mmoja mshahara mbele ya makato, na kwa mwingine ule anaobeba mkononi, jumla itafunga vizuri na mugawo utakuwa wa uongo.

Na hapa tuseme wazi mwisho wa nguvu ya hesabu hii. Kwa pointi, mlinzi alipata karibu 110,000. Kwa mshahara anapata karibu 87,600, na mkuu anapanda kutoka 236,000 mpaka karibu 292,000. Mafungu yote mawili yanafunga kwa milioni moja. Jumla inayofunga inatuonyesha kwamba hakuna makuta yaliyopotea kati ya kesi na mikono. Haituonyeshi kama mlinzi alistahili pointi 14 ao 20. Hilo ni la baraza kuu, na lisemwe mwanzoni mwa mwaka, wakati hakuna anayejua fungu litakuwa kubwa namna gani.

Tunawaomba basi, nyinyi watunza hazina, siku mbili mbele ya malipo mbandike lisiti kwenye mlango wa ofisi: fungu, pointi za kila mutu, jumla ya pointi, sehemu, avansi, na baki iliyompa mutu noti ya 500 zaidi. Wanachama wawili wasio ndani ya komite wajumlishe na wagawe upya kwa mikono yao, na waandike majina yao chini. Nyinyi wafadhili, mkija kuangalia kaye zetu, msiishie kwa mstari wa jumla. Chagueni majina mawili, mgawe sehemu kwa pointi, muone kama yanafanana.

Tumefika mwisho. Wenye maswali watuletee kaye zao tuzifungue pamoja hapa mezani, na anayetaka kujaribu aje na telefone yake.